Viungo vya kamisheni chini ya video: Tamko likae wapi, na bidhaa ichaguliwe vipi

Watayarishaji wengi wa video za mapishi, ususi, simu na vifaa vya nyumbani huweka chini ya kazi zao orodha ya viungo, au linki kama zinavyoitwa mitaani, vinavyompeleka mtazamaji moja kwa moja kwenye duka la mtandaoni. Baadhi ya viungo hivyo ni vya kawaida. Vingine ni viungo vya kamisheni: mtazamaji akibofya na kununua, mtayarishaji hulipwa sehemu ya bei na mwenye duka.

Biashara hiyo ni halali katika nchi nyingi. Hata hivyo, inazua swali ambalo wengi hulijibu vibaya, yaani mtazamaji anapaswa kuambiwa nini kuhusu malipo hayo, aambiwe mahali gani na kwa lugha ipi. Mazoea ya wengi ni kuandika sentensi moja ya Kiingereza mwishoni mwa maelezo ya video, chini ya viungo vyenyewe. Kwa vigezo vya Marekani, ambako miongozo ya jambo hili imeandikwa kwa kina, mazoea hayo hayatoshi. Aidha, hata tamko lililoandikwa vizuri halimwokoi mtayarishaji aliyechagua bidhaa isiyowafaa watu wake.

Kiungo kinavyofanya kazi

Mpango wa kamisheni unaojulikana zaidi duniani ni Amazon Associates, ulioanzishwa mwaka 1996. Anayekubaliwa kujiunga hupewa kitambulisho chake, na kila kiungo anachokitengeneza hubeba kitambulisho hicho mwishoni. Kiungo cha namna hiyo huwa na umbo hili:

```
https://www.amazon.com/dp/NAMBA-YA-BIDHAA?tag=jikoni-20
```

Maneno yanayofuata `tag=` ndiyo yanayomweleza mwenye duka nani alipwe. Mtazamaji anapobofya, duka huweka katika kompyuta au simu yake faili dogo liitwalo kidakuzi, linalokumbuka kuwa mteja huyo aliletwa na nani. Kwa Amazon, kumbukumbu hiyo hudumu kwa saa 24. Iwapo ndani ya muda huo mteja ataiweka bidhaa katika kikapu chake cha manunuzi bila kulipa, mtayarishaji anaweza kupata kamisheni endapo mteja atakamilisha ununuzi kabla ya siku 90 kupita.

Lipo jambo ambalo watazamaji wengi hawalijui. Ndani ya saa hizo 24, kamisheni haiishii kwenye bidhaa iliyoonyeshwa katika video pekee. Mtu aliyebofya kiungo cha sufuria na kuishia kununua viatu anaweza kumletea mtayarishaji malipo ya viatu. Kwa hiyo mtayarishaji ana faida katika mbofyo wenyewe, si katika sufuria tu, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutaka maslahi hayo yatangazwe kabla ya mtu kubofya.

Mpango huo una masharti yake. Mwanachama mpya hutakiwa kuleta manunuzi matatu yanayokubalika ndani ya siku 180, la sivyo akaunti yake hufungwa. Haruhusiwi kununua kupitia kiungo chake mwenyewe ili ajipatie kamisheni, wala kukificha kiungo ili mteja asijue anakopelekwa. Vilevile anatakiwa kuandika sentensi hii: "As an Amazon Associate I earn from qualifying purchases." Hapa ndipo wengi hupotoka, kwani hudhani kuwa wakishaiweka sentensi hiyo wamemaliza wajibu wao wote. Ukweli ni kwamba hilo ni sharti la mkataba kati yao na duka. Wajibu kwa mtazamaji ni jambo jingine.

Kesi ya kanda za gitaa

Kesi ya mwaka 2011 nchini Marekani ndiyo inayoonyesha vyema tatizo liko wapi. Kampuni ya Legacy Learning Systems ya Nashville, katika jimbo la Tennessee, ilikuwa ikiuza masomo ya kupiga gitaa yaliyorekodiwa katika DVD. Iliwaajiri wauzaji wa kamisheni, ambao waliyasifu masomo hayo katika makala na maandishi mengine ya mtandaoni, huku kiungo cha kununulia kikiwa jirani na sifa hizo.

Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, ijulikanayo kwa kifupi kama FTC, ilidai kuwa maandishi hayo yalionekana kama maoni ya wateja wa kawaida au ya wahakiki huru, ilhali waandishi walikuwa wakilipwa kwa kila mauzo. Kwa mujibu wa tume hiyo, mpango huo ulizalisha mauzo ya zaidi ya dola milioni 5.

Kampuni ilikubali kulipa dola 250,000 ili kuimaliza kesi. Pamoja na fedha hizo, ilitakiwa kuwachunguza kila mwezi wauzaji wake 50 walioleta mapato makubwa zaidi, na wengine 50 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, ili kuhakikisha kuwa wanayaweka wazi maslahi yao.

Inafaa kuangalia kile ambacho kesi hiyo haikuhusu. Haikuwa juu ya ubora wa masomo ya gitaa, wala kulipwa kamisheni hakukuhesabiwa kuwa kosa. Kilicholalamikiwa ni msomaji kuachwa aamini kuwa anayemshauri hana chochote cha kupata. Msomaji anayejua kuwa mshauri wake hulipwa huzipima sifa hizo kwa mizani nyingine, na haki ya kutumia mizani hiyo ndiyo inayolindwa.

Tamko likae wapi

Miongozo ya FTC kuhusu watu wanaosifia bidhaa ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1980. Ilirekebishwa mwaka 2009 ili kugusa mitandao, kisha ikarekebishwa tena mwaka 2023. Marekebisho hayo ya mwisho yanataka tamko liwe gumu kulikosa na rahisi kueleweka na mtu wa kawaida. Yanaeleza pia kuwa sifa zikitolewa kwa sauti na kwa picha, tamko nalo litolewe kwa sauti na kwa picha.

Kwa mtayarishaji wa video, maana yake ni nyepesi. Sifa za bidhaa zimesemwa ndani ya video, kwa hiyo tamko halina budi kuwa ndani ya video. Kuliweka katika maelezo peke yake hakutoshi, kwa sababu watazamaji wengi hawayafungui maelezo kabisa. Katika simu, YouTube huonyesha maneno machache tu, na yaliyobaki hujificha mpaka mtu abofye ili kuona zaidi. Tamko lililo chini ya viungo kumi na viwili huonwa na wachache, tena mara nyingi baada ya kuwa wameshabofya.

Jambo la pili ni maneno yenyewe. FTC imesema kuwa kuandika tu neno la kitaalamu la Kiingereza linalotaja kiungo cha aina hiyo hakutoshi, kwani mtu wa kawaida huenda asijue maana yake. Kinachotakiwa ni sentensi inayosema kuwa fedha zinalipwa na zinalipwa lini. Hali kadhalika, maneno kama "asante kwa kuniunga mkono" au "viungo vya washirika wetu" hayasemi kitu kwa asiyejua biashara hiyo.

Jambo la tatu ndilo linalowagusa zaidi wanaotumia Kiswahili. Mwongozo mfupi ambao FTC iliutoa mwaka 2019 kwa ajili ya watu wenye ushawishi mitandaoni unasema kuwa tamko liwe katika lugha ileile iliyotumika kusifia bidhaa. Mpishi anayeisifu sufuria kwa Kiswahili kwa dakika tisa, kisha akaacha sentensi moja ya Kiingereza chini ya video, hajamwambia mtazamaji wake chochote. Sentensi ya Amazon ibaki kwa ajili ya Amazon, lakini tamko la Kiswahili litangulie.

Mwongozo huo huo unaeleza kuwa mtu aliye nje ya Marekani naye anaguswa na sheria za nchi hiyo, endapo ilitarajiwa kwa akili ya kawaida kuwa maudhui yake yatawafikia wanunuzi walioko huko. Chaneli iliyo Mombasa au Arusha yenye watazamaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani, na inayowaelekeza kwenye duka la Marekani, ni vigumu kudai kuwa haikuwatarajia.

Mpangilio unaofaa katika maelezo ya video, basi, ni kama huu:

```
Ukinunua kupitia viungo vya hapa chini, mimi hulipwa kamisheni na duka.
Presha kuka ya lita 6: [kiungo]
Mpira wa mfuniko wa akiba: [kiungo]
As an Amazon Associate I earn from qualifying purchases.
```

Ndani ya video, maneno hayo hayo husemwa kabla au wakati bidhaa inapoanza kusifiwa, na huandikwa kwenye kioo kwa muda wa kutosha kusomeka. Iwapo bidhaa ilitolewa bure na kampuni, hilo nalo husemwa, kwani ni maslahi ya aina nyingine. Kisanduku cha YouTube kinachoonyesha kuwa video ina matangazo ya kulipwa hutumika pale kampuni inapomlipa mtayarishaji ili aitaje bidhaa. Kisanduku hicho hakichukui nafasi ya tamko la kamisheni lililosemwa kwa maneno yaliyo wazi.

Sheria za Afrika Mashariki

Kenya na Tanzania zina sheria pana zinazokataza kumpotosha mnunuzi. Nchini Kenya ipo Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012, na nchini Tanzania ipo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani. Sheria hizo zinagusa maelezo ya uongo na ya kupotosha katika biashara. Hata hivyo, haziingii katika undani wa mahali pa kuweka tamko chini ya video kama inavyofanya miongozo ya Marekani.

Kamisheni yenyewe imekwisha kutajwa waziwazi katika sheria ya kodi ya Kenya. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mkazi anayelipwa kutokana na maudhui ya kidijitali, kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo. Miongoni mwa mapato yaliyoorodheshwa ni kamisheni anayoipata mtayarishaji pale watazamaji wake wanapobofya bidhaa aliyoionyesha. Asiyetaka kuwaambia watazamaji wake kuhusu malipo hayo bado anatakiwa kuyaeleza kwa mamlaka ya mapato.

Presha kuka mbili: mfano wa hesabu

Tamko likishawekwa mahali pake, linabaki swali la bidhaa. Ufuatao ni mfano uliotungwa ili kuonyesha hesabu inavyokwenda.

Chaneli ya mapishi imetoa video ya kupika maharage na pilau kwa presha kuka ya umeme. Watu 10,000 wameitazama, 300 wamebofya kiungo, na 12 wamenunua. Mtayarishaji alikuwa na chaguo mbili. Presha kuka ya kwanza huuzwa dola 90 kwa kamisheni ya asilimia 4, yaani dola 3.60 kwa kila moja. Ya pili, kutoka kwa kampuni isiyojulikana sana, huuzwa dola 140 kwa kamisheni ya asilimia 12, yaani dola 16.80.

Kwa wanunuzi 12, ya kwanza ingeleta dola 43.20 na ya pili dola 201.60. Lakini bidhaa inaporudishwa dukani, kamisheni yake hufutwa. Ikiwa presha kuka nne kati ya 12 za aina ya pili zimerudishwa kwa sababu mpira wa mfuniko umelegea na mvuke unavuja, zitabaki nane, na mapato yatakuwa dola 134.40. Bado ni zaidi ya mara tatu ya mapato ya ile ya kwanza.

Hesabu ya video moja, kwa hiyo, humsukuma mtayarishaji kuelekea bidhaa mbovu. Tofauti ni dola 91.20. Kisichoonekana katika hesabu hiyo ni watu wanne waliorudisha, na wengine wasiorudisha kwa sababu muda ulipita, ambao hawatabofya tena kiungo cha chaneli hiyo na watawaeleza jamaa zao sababu. Dola 91.20 ndiyo bei ambayo imani ya watu hao imeuzwa.

Kiwango cha kamisheni nacho si kitu cha kukitegemea. Mwezi Aprili 2020, Amazon ilipunguza viwango vyake nchini Marekani kwa tangazo la siku chache: samani na vifaa vya ukarabati wa nyumba vilishuka kutoka asilimia 8 hadi 3, na vyakula kutoka asilimia 5 hadi 1. Waliokuwa wamechagua bidhaa kwa kufuata viwango walibaki na video walizojaza bidhaa hizo, huku sababu ya kuzichagua ikiwa imeondoka.

Mtazamaji anaishi wapi

Kipimo cha kwanza cha bidhaa kwa mtazamaji wa Kiswahili si kamisheni, bali soketi ya ukutani. Umeme wa majumbani Marekani ni wa volti 120. Kenya ni volti 240 na Tanzania ni 230. Presha kuka iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani pekee ikichomekwa moja kwa moja Mombasa, chuma chake cha joto hupokea volti maradufu na kuvuta nguvu ya takriban mara nne ya iliyokusudiwa. Huungua. Kuinusuru kunahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa kubeba mzigo wa jiko, ambayo ni gharama nyingine na kifaa kizito cha kuweka jikoni.

Takwimu za YouTube humwonyesha mwenye chaneli nchi wanazotoka watazamaji wake. Iwapo wengi wako Kenya na Tanzania, kiungo cha duka la Marekani kinawafaa wachache tu, hata kama ndicho chenye kamisheni. Kinachowafaa ni bidhaa ya volti 220 hadi 240, inayouzwa na duka lililo karibu, yenye dhamana inayoweza kudaiwa hapo hapo na mpira wa mfuniko unaopatikana kwa akiba. Ikiwa duka hilo halina mpango wa kamisheni, mtayarishaji anaweza kulitaja bila kulipwa, na kiungo cha Marekani akakiwekea onyo kuwa ni kwa walioko huko tu.

Maduka nayo huondoka. Jumia ilifunga shughuli zake nchini Tanzania mwezi Novemba 2019, na viungo vilivyowaelekeza wanunuzi kwenye duka hilo vikawa havina kazi. Video hubaki mtandaoni kwa miaka, kwa hiyo viungo vyake vinahitaji kukaguliwa walau mara mbili kwa mwaka.

Dalili za kukosea

Ripoti za mpango wa kamisheni huonyesha mibofyo, bidhaa zilizoagizwa na zilizorudishwa. Mtayarishaji anayetumia kitambulisho tofauti kwa kila video anaweza kuzisoma moja moja. Mibofyo mingi bila manunuzi mara nyingi humaanisha kuwa watu walifika dukani wakakuta bei, usafirishaji au ushuru usiowafaa. Manunuzi mengi yenye marejesho mengi humaanisha kuwa bidhaa haikufanana na ilivyosifiwa. Na maswali ya "hii itafanya kazi huku kwetu?" yakijirudia chini ya video, jibu lilipaswa kuwa ndani ya video.

Lipo pia sharti lisilohitaji ripoti. Mwongozo wa FTC unasema kuwa mtu hawezi kueleza uzoefu wake wa bidhaa ambayo hajaitumia, wala kuisifu kuwa nzuri ikiwa aliiona mbaya. Kwa presha kuka, hilo lina maana ya kupika nayo kwa wiki kadhaa kabla ya kurekodi, kwa kuwa kasoro ya mpira wa mfuniko haionekani siku ya kwanza.

Bidhaa ikigundulika kuwa mbovu baada ya video kutoka, kiungo huondolewa, na maelezo huwekwa mstari wa kwanza ukisema kilichobainika na tarehe yake. Maoni yaliyobandikwa juu ya mengine husema hivyo hivyo. Kukifuta kiungo kimyakimya humlinda mtayarishaji peke yake, kwani aliyekwisha kununua hupita bila kujua kuwa jiko lililo mezani kwake lina kasoro ambayo mwenye chaneli amekwisha kuifahamu.